Kanga 214, upana mmoja

Shangazi yangu anauza kanga Kariakoo. Mwanawe alipomfungulia duka la mtandaoni, kijana mmoja wa jirani aliombwa aziweke picha, naye akaziweka zote usiku mmoja. Asubuhi shangazi akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka haraka, kisha akasema: "Mwanangu, hebu fungua hilo duka uangalie. Kanga zangu zimebonyea."

Nikafungua. Kweli zilikuwa zimebonyea. Kulikuwa na kanga moja yenye duara kubwa katikati ya mji, na duara lile lilikuwa limegeuka yai lililolala. Kwenye nyingine, korosho za pindoni zilikuwa zimelala chapa kama zimekaliwa. Ajabu ni kwamba si picha zote zilizoharibika. Nyingi zilikuwa sawasawa kabisa, na hilo ndilo lililomchanganya yule kijana, kwa sababu zote alizipitisha njia moja.

Aliambiwa kwamba duka linataka picha za pikseli 800 kwa 600, basi akalazimisha kila picha iwe hivyo. Simu ya shangazi hupiga picha za pikseli 4000 kwa 3000. Picha iliyopigwa simu ikiwa imelazwa haina taabu: ukigawanya 4000 kwa 5 unapata 800, ukigawanya 3000 kwa 5 unapata 600. Pande zote mbili zimepungua kwa kiasi kimoja, duara linabaki duara. Lakini picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama ina upana wa 3000 na kimo cha 4000. Hiyo ukiilazimisha kuwa 800 kwa 600, upana unapungua karibu mara nne huku kimo kikipungua karibu mara saba. Duara lililokuwa na pikseli 1500 kila upande linatoka na upana wa 400 na kimo cha 225. Ndilo lile yai.

Kitu kilichovunjwa hapo ni uwiano wa upana na kimo. Dawa yake ni kuchagua upande mmoja tu, kuusema, na upande wa pili kuuacha ujitafutie kipimo chake. Kwenye duka la mtandaoni upande unaochaguliwa mara nyingi ni upana, kwa kuwa picha hupangwa kwenye safu yenye upana maalumu na mnunuzi hushuka chini kwa kidole. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: zidisha upana mpya kwa kimo cha zamani, gawanya kwa upana wa zamani. Picha iliyosimama inatoka 800 mara 4000 gawanya kwa 3000, yaani 1066.67, na kwa kuwa hakuna nusu pikseli, inakuwa 1067.

Picha moja unaweza kuifanyia hivyo kwa mkono. Shangazi alikuwa nazo 214.

Programu niliyotumia inaitwa ImageMagick. Ni ya bure, na ni ya zamani kuliko tovuti nyingi tunazozijua. Mmarekani John Cristy aliianza mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, ikatolewa kwa umma mwaka 1990. Haina dirisha la vitufe vya kubonyeza kama programu nyingine za picha. Unafungua dirisha la amri, unaandika mstari mmoja, inafanya. Wengi hukimbia wakiona hivyo, lakini kwa kazi ya picha 214 mstari mmoja ndio unaoutaka, kwa sababu kufungua na kuhifadhi picha mara 214 kutakufanya ukosee mahali fulani, na hutajua ni wapi.

Niliweka picha zote kwenye folda moja niliyoiita `asili`. Ndani yake nikatengeneza folda tupu kwa jina `tayari`. Nikaingia kwenye `asili` kwa dirisha la amri, nikaandika hivi:

```
magick mogrify -path tayari -resize 800x -strip -quality 82 *.jpg
```

Tazama lile neno `800x`. Nambari iliyo kabla ya x ni upana, na iliyo baada yake ni kimo. Hapa baada ya x hakuna kitu, na kule kutokuwepo kwa kitu ndiko kunakoiambia programu ijipigie hesabu ya kimo. Ukigeuza ukaandika `x800`, umetaja kimo na upana ndio utakaohesabiwa. Ukiandika `800x600`, wengi hudhani utapata 800 kwa 600 kamili, lakini hapana: ImageMagick itaichukulia kama sanduku, na picha itapunguzwa mpaka iingie ndani yake bila kubonyea. Picha iliyosimama itatoka na upana wa 450 tu. Ili uipate kanga iliyobonyea inabidi uongeze alama ya mshangao, `800x600!`, ambayo maana yake ni "fanya hivyo hivyo, uwiano niachie mwenyewe". Sijawahi kuihitaji alama hiyo kwenye picha ya bidhaa.

Sehemu nyingine za mstari ni nyepesi. Nyota na `.jpg` ni kusema "kila picha ya aina hii iliyomo humu". Angalizo dogo kwa wenye Linux: picha inayoitwa `IMG_0412.JPG`, kwa herufi kubwa, haitaguswa na `*.jpg`, kwa hiyo hesabu picha zilizoingia na zilizotoka. `-quality 82` ni kiwango cha ubora wa JPEG, ambacho hufika 100. Nimezoea 82, na kwenye kanga sijaona hasara yake kwa macho. `-strip` inafuta maelezo yaliyofichwa ndani ya picha, nayo nitaieleza baadaye kidogo.

Ile `-path tayari` ndiyo inayoamua picha mpya ziende wapi. Neno `mogrify` lina tabia moja ya hatari: lisipoambiwa pa kuweka, linaandika picha mpya juu ya ile ya zamani, kwa jina lile lile, bila kuuliza. Niliwahi kufanya hivyo miaka ya nyuma kwenye picha za arusi ya ndugu. Nilibonyeza, programu ikamaliza kimya, na nilipofungua folda nikakuta kila picha ina upana wa 800, hakuna hata moja ya asili. Picha ikishapunguzwa, pikseli zilizotupwa hazirudi. Tangu siku hiyo huwa natengeneza nakala ya akiba kwanza, na `-path` ndiyo ninayoiandika kabla ya chochote kingine. Folda unayoitaja nayo lazima iwepo tayari, programu haitaitengeneza.

Basi, amri ilikwenda kwa dakika mbili hivi kwenye kompyuta yangu iliyochoka. Nikataka kuhakikisha, nikaomba vipimo vya picha zote mpya na idadi ya kila kipimo:

```
magick identify -format "%w %h\n" tayari/*.jpg | sort | uniq -c
```

Vikaja hivi:

```
      3 800 1422
    211 800 600
```

Nikafurahi. Zote zina upana wa 800. Nikamtumia shangazi chache aone, na baada ya muda mfupi akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Sasa hazijabonyea, lakini mbona nyingine zimelala?"

Zilikuwa zimelala ubavu, jina la kanga likisomeka kutoka juu kwenda chini. Ndipo nilipoziangalia upya zile nambari na kuona nilichopaswa kukiona mapema. Picha 211 zote ni 800 kwa 600? Wakati shangazi alipiga nyingi simu ikiwa imelazwa na nyingine, kama sitini hivi, simu ikiwa imesimama? Zilizosimama zingepaswa kuwa 800 kwa 1067. Matokeo yalikuwa yamelingana mno.

Chanzo chake ni jinsi simu inavyohifadhi picha. Kioo cha ndani kinachonasa mwanga hakizunguki unapoigeuza simu. Chenyewe siku zote kinanasa 4000 kwa 3000. Ukipiga simu ikiwa imesimama, simu nyingi huhifadhi pikseli zile zile zikiwa zimelala, kisha huandika kijikaratasi ndani ya picha, sehemu inayoitwa EXIF, kisemacho: "mwenye kuionyesha picha hii aizungushe robo duara". Programu za kuonyesha picha hukisoma na kuizungusha, wewe ukaona picha imesimama kama ulivyoipiga. Mimi nilimwambia mtambo apunguze pikseli, akapunguza zile zilizolala. Kisha `-strip` ikafuta kijikaratasi pamoja na maelezo mengine yote. Hakukuwa tena na wa kumwambia mtu azungushe.

Nisingeweka `-strip`, kosa lingejificha zaidi. Kijikaratasi kingebaki, picha ingesimama vizuri ikionekana, lakini ule upana wa 800 ungekuwa umegeuka kimo, na mnunuzi angeona picha yenye upana wa 600. Hayo ndiyo makosa yanayokaa mwaka mzima bila mtu kuyajua, kwa sababu hakuna kinacholala wala kubonyea. Ni ukungu kidogo tu kwenye baadhi ya picha. Ukitaka kujua kama picha zako zina kijikaratasi hicho, uliza hivi kwenye folda ya asili:

```
magick identify -format "%f %w %h %[orientation]\n" *.jpg
```

Picha ya simu isiyohitaji kuzungushwa kwa kawaida itaonyesha `TopLeft`. Iliyopigwa simu ikiwa imesimama mara nyingi huonyesha `RightTop`.

Tiba ni neno moja, `-auto-orient`, nalo huzizungusha pikseli zenyewe kama kijikaratasi kilivyoagiza. Lakini mahali pa kuliweka ni muhimu. ImageMagick hufuata maneno kwa mpangilio ulioyaandika, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mpishi anayesoma karatasi ya mapishi. Zungusha kwanza, ndipo upunguze, ndipo ufute.

Lilibaki jambo la zile picha tatu. Hizo hazikutoka kwenye simu ya shangazi. Muuzaji wa jumla ndiye aliyemtumia kwa WhatsApp, na zilifika zikiwa na upana wa 720 na kimo cha 1280, kwa kuwa WhatsApp huzipunguza picha isipokuwa ukizituma kama waraka. Amri yangu ilisema 800, basi programu ikazivuta kutoka 720 hadi 800. Hapo hakuna uwiano uliovunjwa, lakini zile pikseli za ziada hazikupigwa na kamera yoyote. Programu imezikisia kwa kuangalia majirani zao, na kisio likizidi, kingo za herufi hulainika kama wino uliodondokewa na maji. Afadhali picha ndogo ibaki ndogo. Alama ya kusema hivyo ni `>`: punguza tu iliyo kubwa kuliko kipimo, ndogo usiiguse.

Amri ikawa hivi, na ndiyo ninayoitumia hadi leo:

```
magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "800x>" -strip -quality 82 *.jpg
```

Usiziache zile alama za kunukuu. Kwenye dirisha la amri, iwe Windows au Linux, alama ya `>` ikiwa peke yake ina maana nyingine kabisa: chukua kinachotoka, ukiandike kwenye faili lenye jina linalofuata. Ukiandika `800x> -strip` bila kunukuu, kompyuta haitalalamika. Itaipa ImageMagick `800x` pekee, itatengeneza faili tupu liitwalo `-strip`, na itaendelea na kazi. Picha ndogo zitavutwa, maelezo ya siri hayatafutwa, na wewe utadhani kila kitu kimekwenda sawa. Ukikuta faili la jina hilo la ajabu kwenye folda yako, jua limetoka hapo. Kwenye Linux na Mac huliondoi kwa njia ya kawaida, kwa sababu kistari cha mbele kinafanya jina lionekane kama agizo. Andika `rm ./-strip`.

Na kwa nini nafuta hayo maelezo? Shangazi hupigia picha kanga nyumbani kwake, uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Simu yake ilikuwa imeruhusiwa kuandika mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo kila picha ya kanga ilikuwa imebeba pia nyumba anamolala. Tovuti nyingine huyafuta maelezo hayo zenyewe, nyingine haziyafuti. Mimi sipendi kubahatisha.

Ila `-strip` ina gharama yake kwa wenye aifoni. Simu hizo, tangu zile zilizotoka mwaka 2016, hupiga picha kwa mpangilio wa rangi uitwao Display P3, wenye wekundu na ukijani mkali kuliko ule wa kawaida wa tovuti, na maelezo ya mpangilio huo hukaa ndani ya picha. Ukiyafuta, kivinjari kitazisoma nambari zile zile kwa mpangilio wa kawaida, na wekundu utapauka. Kwa muuza kanga hilo si dogo. Mteja atapokea kanga nyekundu kuliko aliyoiona na atauliza. Kwa picha za namna hiyo, badala ya `-strip` andika hivi:

```
+profile '!icc,*'
```

Maana yake: ondoa maelezo yote isipokuwa ya rangi. Alama za kunukuu hapo ni za mkia mmoja kwa Mac na Linux, na kwa Windows ni za mikia miwili. Shangazi hatumii aifoni, kwa hiyo nilibaki na `-strip`.

Nikafuta folda ya `tayari`, nikaitengeneza upya, nikaanza tena kutoka kwenye picha za asili. Hili la kuanzia kwenye asili nalizingatia sana, kwa maana JPEG hupoteza kitu kidogo kila inapohifadhiwa, na kurekebisha picha iliyokwisha kupunguzwa ni kama kufua kanga kwa maji ya jana. Nikaomba vipimo tena:

```
      3 720 1280
     61 800 1067
    150 800 600
```

Hizo ndizo nambari nilizozitarajia. Picha 150 za kulala, 61 za kusimama, 3 za WhatsApp ambazo hazikuguswa upana. Jumla yake 214. Picha ya kulala iliyokuwa na pikseli milioni 12 sasa ina 480,000, yaani moja ya ishirini na tano, na faili lililokuwa na megabaiti 4 limekuja kwenye kilobaiti mia moja na zaidi kidogo.

Nikafungua moja ya kanga na kupima kitu kilichokuwa kikinisumbua. Mnunuzi wa kanga hanunui rangi peke yake, hununua na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, na picha isiyosomeka jina ni nusu ya picha. Kanga ina upana wa sentimita 150 hivi. Ikijaza picha yenye pikseli 800, kila sentimita inapata pikseli 5 na kidogo, na herufi yenye kimo cha sentimita 3 inapata pikseli 16. Hiyo inasomeka bila taabu. Kwa upana wa 300, herufi ile ile ingebaki na pikseli 6, na hapo macho huanza kubishana kama ni e au o. Kwa hiyo 800 kwa kanga ni kipimo kizuri. Mwenye kuuza masufuria anaweza kushuka zaidi.

Kuna jambo moja ambalo amri hii haifanyi, nalo nilimwambia shangazi mapema asije akashangaa. Upana umekuwa mmoja, lakini vimo ni tofauti, kwa hiyo kwenye ukurasa kanga za kusimama zitashuka chini kuliko za kulala. Anayetaka zote zilingane pande zote mbili lazima akate kingo au aongeze nafasi nyeupe, na hakuna hesabu itakayomwepusha na uamuzi huo. Shangazi aliamua kwamba kuanzia sasa atapiga zote simu ikiwa imelazwa.

Programu yenyewe inapatikana kwenye imagemagick.org. Kompyuta ikiwa na toleo la 6, la zamani, neno `magick` la mwanzo huliandiki; anza moja kwa moja na `mogrify` au `identify`. Jaribu kwanza na picha tano ulizozinakili pembeni, mbili kati yake ziwe za kusimama, na uziangalie kwa macho, si kwa nambari tu.

Zile tatu za pikseli 720 shangazi alizipiga upya mwenyewe Jumamosi iliyofuata.